Kiuno cha mtu wa ofisini: kutembea kwanza, kujinyoosha baadaye

Mtu wa ofisini akihisi kiuno kimekaza, jambo la kwanza analofanya ni kuinama aguse vidole vya miguu, na mara nyingi hufanya hivyo asubuhi, akitoka tu kitandani. Hapo ndipo ratiba nyingi za mazoezi zinapoharibikia. Usiku tukiwa tumelala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo hubanwa zaidi mtu anapoinama. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake walichapisha utafiti wa Marekani uliowataka watu wenye maumivu sugu ya mgongo waepuke kuinama katika saa mbili za kwanza baada ya kuamka. Maumivu yao yalipungua, na maelekezo hayo hayakuwa na zoezi lolote ndani yake.

Tumchukue mhasibu anayepanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Posta. Anakaa kwenye basi, anakaa ofisini, anarudi amekaa (akibahatika kupata kiti). Jioni akisimama, inamchukua hatua kadhaa kabla kiuno hakijanyooka. Ratiba yake tuijenge kuanzia kwenye kutembea, kwa sababu huko ndiko kwenye ushahidi mzuri. Utafiti uitwao WalkBack, wa Chuo Kikuu cha Macquarie nchini Australia, ulichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet. Uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Kundi moja lilipangiwa kutembea, likielekezwa na wataalamu wa fiziotherapia, na kundi la pili halikupangiwa chochote. Nusu ya kundi la pili walikuwa wameumwa tena ndani ya siku 112, ilhali kwa watembeaji ilichukua siku 208.

Lengo lao lilikuwa kufikia dakika 30, mara tano kwa wiki, na walipewa miezi sita kulifikia. Muda huo mrefu ndio unaosahaulika. Mhasibu wetu aanze na dakika 10, siku tatu kwa wiki, kwa kushuka kituo kimoja kabla ya chake. Kila wiki aongeze dakika mbili au tatu, na siku aziongeze baadaye. Mwendo uwe wa mtu anayewahi miadi, mikono ikicheza. Kuburuta miguu kwenye maduka hakuhesabiki. Kipimo chake ni asubuhi inayofuata. Uchovu kidogo wa misuli si neno, lakini kiuno kikiamka kibaya kuliko jana, arudi kwenye dakika za wiki iliyopita na akae hapo kabla ya kuongeza tena.

Kujinyoosha kuje baada ya kutembea, mwili ukiwa umepata joto, na zoezi moja linamtosha kuanzia. Msuli unaotoka kwenye pingili za kiuno, ukapita mbele ya nyonga hadi juu ya paja, hukaa umejikunja siku nzima mtu akiwa kitini. Ukikaza, akisimama unazivuta pingili mbele na kiuno kinabinuka. Apige goti la kulia chini juu ya mto, mguu wa kushoto uwe mbele. Kabla ya kusogea popote, akaze tako la kulia na kuvuta mfupa wa kinena juu kuelekea kitovu, kama mbwa aliyefyata mkia. Kisha asogee mbele kidogo tu, abaki hapo sekunde 30 akipumua kawaida, na abadilishe mguu. Mara mbili kila upande inatosha.

Kosa ni kuruka hatua ya tako. Mtu anausukuma mwili mbele mbali sana, anaonekana amenyooka vizuri, kumbe uliopinda ni mgongo. Dalili iko wazi: mvutano ukisikika mbele ya nyonga, zoezi limekaa mahali pake, ukisikika kiunoni, arudi nyuma na aanze upya. Ofisini, ambako kupiga goti kunaleta maswali, anaweza kusimama ameshika meza, mguu mmoja nyuma, akafanya vilevile.

Ratiba hii ina mipaka. Watu wa WalkBack walikuwa wameshapona walipoanza, kwa hiyo matokeo yao yanahusu kuzuia maumivu yasirudi. Mwenye maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti, au ganzi ya unyayo, aonwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia. Na mtu akipata ganzi sehemu za siri, akashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikalegea ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.