Kuku Aliyemeza Almasi: Ufundi wa Kuandika Kisa cha Ukoo

Kumbukumbu ya kuchekesha ya utotoni humfikia mwandaaji wa jarida la ukoo ikiwa sentensi chache tu, aghalabu kwa ujumbe wa sauti wa simu, na nusu yake ni kicheko. Msimulizi hahitaji kueleza zaidi, kwa sababu yeye anaona ua wote akiwa anasema: kinu, jalala, mama akichochea moto. Msomaji haoni chochote. Kazi ya mwandishi ni kumjengea msomaji ua huo kwa maneno machache, bila kuzima kicheko. Ni ufundi mdogo kwa umbo, lakini wanaouweza ni wachache, na ukoo wenye mmoja wao una bahati kubwa.

Uchukuliwe mfano wa ukoo wa Kishapu ambao watu wake wametawanyika: wengine wamebaki Maganzo na Mhunze, wengine wako Kahama na Geita kwenye dhahabu, wengine Dar es Salaam. Shangazi mmoja anatuma sauti yenye maneno haya: “Mimi nilimlilia kuku! Wakadhani nampenda. Kumbe kalikuwa kachupa tu, nami najua ni almasi. Kuku akakameza. Nikamfuata kutwa nzima. Mjomba akaja, wakamchinja, nikapewa firigisi. Haa, nikaipekua yote!”

Hatua ya kwanza ni kuyaandika maneno hayo kama yalivyo, na kuyahifadhi. Humo ndani kuna vitenzi ambavyo mwandishi hatavipata kwingine. “Nikaipekua” ni mali ya shangazi na inafaa ibaki. Hatua ya pili ni kumpigia. Baada ya “mwadila” na habari za mvua na mifugo, yaulizwe maswali machache, na yote yawe ya mambo yanayoonekana kwa macho. Jiwe lilikuwa wapi kuku alipolidonoa? Mkononi ulikuwa na nini? Mjomba alisema nini hasa? Nani aliligundua jiwe, na wapi? Swali la “ulijisikiaje?” lina mavuno haba, maana shangazi atajibu “vibaya” na mazungumzo yataishia hapo. Mwaka nao hauulizwi moja kwa moja. Huulizwa kwa kupitia tukio: je, ilikuwa kabla ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka 1974, au baada? Wazee wa Shinyanga hulijibu hilo bila kusita.

Majibu yakishapatikana huja suala la mpangilio, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Shangazi alianza na kilio, kisha akatoboa mapema kwamba jiwe lilikuwa kipande cha chupa. Kwa sauti yake hilo halidhuru, kwani wasikilizaji wanamcheka yeye anavyocheka. Kwenye karatasi, msomaji akijua mapema kuwa ni chupa, atamtazama mtoto kwa mbali kama mjinga. Lazima aamini pamoja na mtoto. Kicheko cha kisa hiki kinatokana na watu wawili kulielewa jambo moja kwa njia mbili: mtoto analia kwa ajili ya utajiri, mjomba anaona huruma. Msomaji ndiye pekee anayejua yote mawili, hivyo jiwe litangulie, kuku afuate, mgeni aje mwisho, na chupa ibaki hadi mstari wa mwisho.

Kuna pia maelezo ambayo wajukuu wa Dar es Salaam watayahitaji. Kwa nini mtoto adhani jiwe ni almasi? Kwa mtu wa Kishapu halina haja ya jibu. Mgodi wa Mwadui upo pale tangu John Williamson alipogundua mwamba wa almasi mwaka 1940, na mwaka 1947 lilitoka humo jiwe la waridi la karati 54, ambalo Binti Mfalme Elizabeth alizawadiwa kwa harusi yake. Yote hayo ni mazuri kuyajua, lakini yakiingizwa kwenye kisa yatakizamisha. Sentensi moja inatosha, mradi iwekwe kabla ya kuku kutokea. Firigisi nayo inahitaji maneno machache tu: nyumbani kwao ilikuwa haki ya baba au mgeni.

Kisa kikikamilika kinaweza kusomeka hivi:

“Maganzo iko jirani na mgodi wa Mwadui, na miaka ile kila mtoto alijua kwamba jiwe linalong'aa ni almasi. Binti wa miaka sita aliokota lake akitoka kisimani. Aliliweka juu ya kinu ili apate mikono miwili ya kutua ndoo. Kuku akaruka, akalidonoa, akalimeza.

Kutwa hiyo binti hakucheza. Kuku alipokwenda jalalani, naye jalalani. Kuku alipooga vumbi, naye akachuchumaa pembeni, akisubiri.

Jioni akaja mjomba, na kuku huyohuyo akakamatwa. Binti akaangua kilio. ‘Mtoto huyu ana huruma,’ mjomba alisema, na firigisi, ambayo ni haki ya mgeni, akampa yeye. Binti akanyamaza papo hapo. Akaipekua firigisi uzi kwa uzi kwenye mwanga wa kibatari, mpaka mjomba akauliza anatafuta nini.

‘Almasi yangu.’

Mama akachukua kibatari, akaenda pale alipomwaga uchafu wa firigisi. Alirudi na kipande cha chupa ya soda.”

Humo hakuna sentensi inayosema kwamba jambo lilichekesha, na hakuna funzo kuhusu tamaa. Mwandishi anayeanza hupenda kuongeza yote mawili, na kisa huanguka hapohapo. Kosa jingine ni kumpa mtoto akili ya mtu mzima. “Nilitumaini kuwatoa wazazi wangu katika umaskini” ni sentensi ya mtu wa miaka sitini. Mtoto wa miaka sita alitaka jiwe lake. Maneno ya kunukuu pia yana mpaka: mjomba anasema kile tu ambacho shangazi anakumbuka alikisema. Asipokumbuka, iandikwe kwamba mjomba aliguswa, na nukuu iachwe.

Kipimo cha mwisho ni masikio mawili tofauti. Kwanza kisomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuwepo. Akicheka kwenye “almasi yangu”, mpangilio umekaa sawa; akiuliza “kwani uchafu wa firigisi ni nini?”, basi hajui kwamba kuku humeza changarawe za kusagia chakula tumboni, na maneno matatu yaongezwe. Kisha asomewe shangazi kwa simu. Akikatiza kusema “hapana, ndoo ilikuwa bado kichwani”, arekebishiwe, hata kama sentensi ilikuwa nzuri.

Ruhusa nayo hutafutwa. Shangazi amejicheka mwenyewe, kwa hiyo wengine wanaweza kumcheka. Mjomba hajajicheka, kwa hiyo yeye au, kama hayupo tena, watoto wake waulizwe kabla jina lake halijachapwa. Wakikataa, abaki kuwa “mgeni”, na kisa hakipungukiwi kitu. Chini ya kisa huandikwa jina la aliyesimulia, kijiji, na mwaka uliokadiriwa, na rekodi ya sauti yenyewe huwekwa pamoja na za wengine.