Moto Unaopita Juu ya Dari

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Petroli ndiyo iliyowasha moto, lakini jengo ndilo lililowazuia wasitoke: mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule unaotaka bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na nondo. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya msingi Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera.

Nyumba ya kupangisha ya Mabatini au Igogo, jijini Mwanza, si bweni, ila maumbile yake yanafanana na ya bweni la Kyanguli. Vyumba vimepangwa huku na huku mwa korido moja, mlango wa mbele unafungwa kwa kufuli usiku, na kila dirisha lina grili iliyochomelewa kwenye fremu. Kwa zile zilizopanda vilimani kati ya mawe, gari la zimamoto haliwezi kufika mlangoni. Waliomo ndani lazima wajitoe wenyewe, na muda ni mchache: godoro la sponji likishika, chumba kidogo huweza kulipuka chote kwa moto ndani ya dakika tatu hadi tano. Kabla ya hapo moshi wake wenye sumu umekwisha kumlegeza aliyelala.

Chanzo mara nyingi ni umeme. Chukua chumba kimoja chenye waya wa ekstensheni wa amperi 10. Mpangaji anachomeka jiko la sahani la wati 2,000, kisha birika la wati 2,000. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni takribani amperi 17. Joto kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ekstensheni hiyo inapata joto karibu mara tatu ya ile iliyokusudiwa kuvumilia. Sakiti breka ya amperi 20 kwenye ukuta haikati, kwa sababu kwa hesabu yake mzigo haujazidi. Fyuzi ya amperi 13 kwenye plagi nayo huweza kuvumilia amperi 17 kwa muda mrefu.

Breka pia haioni kiungo kilicholegea. Nyaya mbili zikisokotwa na kufungwa tepu juu ya dari, pale zinapogusana vibaya panapata moto hata kwa mzigo wa kawaida. Dalili zipo: soketi iliyogeuka rangi ya kahawia, plagi inayochoma kiganja, harufu ya plastiki, taa inayofifia birika linapowashwa. Fundi anatakiwa akate mainswichi, avunje viungo hivyo na kuvibana kwa skrubu ndani ya kisanduku, mahali panapofikika.

Moto huo ukianzia juu, au ukifika juu, unakuta njia iliyo wazi. Katika nyumba nyingi za namna hii kuta za vyumba huishia kwenye dari, wala hazifiki kwenye bati. Juu ya vyumba vyote kuna uwazi mmoja wenye kenchi za mbao, na moto wa chumba cha kwanza unafika cha sita bila kugusa mlango hata mmoja. Hapa ndipo pesa ya mwenye nyumba inapopaswa kufanya kazi kwanza, kabla ya kununua mtungi wa kuzimia moto. Tofali zipandishwe hadi chini ya bati angalau katikati ya nyumba, na matundu ya nyaya yazibwe kwa saruji.

Dari yenyewe huleta tofauti kubwa. Plaiwudi huongeza kuni, na ile ya plastiki huyeyuka na kudondokea kitanda. Bodi ya jipsamu ina maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, karibu moja ya tano ya uzito wake, na lazima moto uyachemshe yote kwanza ndipo upite. Ila ikitobolewa kwa taa na kuachwa wazi, kinga hiyo inapungua sana.

Grili nayo si lazima iondolewe, maana wezi wapo. Fundi wa kuchomelea hukata sehemu yake na kuitia bawaba na komeo la ndani lisilo na kufuli. Kanuni za Uingereza zinataka uwazi wa mita za mraba 0.33, upande mfupi usipungue sentimita 45. Tundu la sentimita 45 kwa 75 linatosha. Komeo lijaribiwe na mtoto mkubwa wa nyumba, taa zikiwa zimezimwa, na bawaba zitiwe grisi kila masika yanapokaribia, kwa kuwa unyevu wa ziwa huziozesha kwa kutu zikagoma.