Debe, Gunia na Mkungu Katika Daftari la Biashara

Debe lililozoeleka katika masoko ya Afrika Mashariki lilianza kama bati la mafuta ya taa lenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, bati lilibaki, likawa kipimo cha mahindi, maharage, mpunga, chumvi na hata maji. Baadaye ndoo ya plastiki ya lita 20 ikachukua nafasi yake sehemu nyingi, nayo ikarithi jina lilelile. Kwa hiyo mfasiri anayekuta neno “debe” katika daftari la duka, la ghala au la chama cha ushirika ana kazi ya kwanza kabla hajagusa kikokotoo: kujua ni debe lipi.

Kazi ya pili ni kukumbuka kwamba debe hupima ujazo, si uzito. Lita moja ya mahindi makavu huwa na uzito wa kama gramu 720 hadi 750, na ya maharage huwa nzito kidogo kuliko hiyo. Lita moja ya mpunga, kwa kuwa punje bado imo ndani ya ganda, mara nyingi haifiki gramu 600. Ndoo ileile ya lita 20 iliyojaa mahindi hadi ukingoni itakuwa na kilo 15 hivi, na ya mpunga kilo 11 au 12. Anayechukua kiwango kimoja cha kilo kwa kila debe, akakipitisha kwenye mazao yote ya daftari, amekwisha kuharibu hesabu hata kama kila kuzidisha kwake ni sahihi.

Mkono wa mpimaji nao huongeza yake. Debe la mfuto, lililopitishwa kijiti juu, si sawa na debe lenye kichuguu. Kichuguu cha mahindi kinaweza kuongeza sehemu moja ya kumi au zaidi, na kutikisa debe chini kabla ya kumalizia kujaza huongeza tena. Hapo ndipo tofauti ya magunia inapoeleweka. Kwa mazoea, gunia la mahindi ni debe 6. Tanzania gunia hilo huhesabiwa kilo 100, Kenya kilo 90, ambazo zinakaribiana sana na ratili 200 za zamani. Bati la lita 18 lililojazwa kwa kichuguu hutoa karibu kilo 15, na mara 6 ni 90. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa vivyo hivyo hutoa kilo 16 na nusu hivi, na mara 6 ni karibu 100. Jina la kipimo na idadi ya debe ni vilevile, lakini kwa magunia 100 tofauti ni tani nzima. Kwa kumbukumbu za biashara inayovuka mpaka wa Namanga au Sirari, swali la nani alijaza gunia, na upande upi, halina budi kuulizwa.

Ubora wa ufundi huu unaonekana mfasiri anapolifanya daftari lenyewe litoe kiwango chake. Tuseme mfanyabiashara wa nafaka ameandika, “Mahindi gunia 14 na debe 3,” na mteja anayehitaji tafsiri anataka kilo. Gunia likiwa debe 6, jumla ni debe 87. Kwa kiwango cha Kenya hizo ni kilo 1,305, kwa kile cha Tanzania ni 1,450, na pengo la kilo 145 ni kubwa mno kuachiwa mazoea. Mfasiri mzuri hurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa akitafuta mahali ambapo kipimo na mzani vimekutana. Kurasa chache kabla anakuta magunia 2 ya mahindi yamepelekwa mashineni kusagwa, na ada imetozwa kwa kilo 182. Mashine hupima kwa mzani, na magunia mara nyingi hupandishwa mzani yakiwa na mifuko yake. Mfuko wa juti una uzito wa karibu kilo 1, ilhali wa plastiki iliyofumwa haufiki robo kilo. Daftari hilihili limeorodhesha ununuzi wa magunia ya juti, basi kilo 2 zinaondolewa. Zinabaki kilo 180 kwa debe 12, yaani kilo 15 kwa debe. Sasa kilo 1,305 zina ushahidi nyuma yake.

Ushahidi mwingine unaovutia ni bei. Debe likiuzwa shilingi 12,000 na kilo shilingi 800, ugawaji unaleta kilo 15 palepale. Hata hivyo njia hii inataka uangalifu. Anayenunua kilo moja moja hulipa bei ya rejareja, na anayebeba debe hupunguziwa. Katika daftari hilo, siku ambayo kilo iliuzwa 900 na debe 12,000, debe lingeonekana kuwa na kilo 13 na ushei, ingawa halikupungua hata punje. Bei za debe na za kilo hulinganishwa zikiwa za siku moja na, ikiwezekana, za mnunuzi mmoja. Zikipingana na mzani, mzani ndio unaofuatwa.

Gunia la viazi au la vitunguu halifuati hesabu ya debe 6. Mdomo wake huongezwa kwa kufumwa wavu wa kamba juu ya mzigo, na gunia la lumbesa linaweza kupita kilo 120. Kipo pia kisa cha kinyume, ambapo neno “gunia” linamaanisha mfuko wa kilo 50 uliopimwa kiwandani. Dalili huwa katika malipo ya wapagazi, kwa sababu lumbesa halibebwi kwa ujira wa mfuko mdogo. Pasipo dalili ya aina hiyo, gunia la viazi huachwa kuwa gunia, na makadirio huandikwa kwa kiwango cha chini na cha juu.

Mkungu wa ndizi ni jambo tofauti kabisa, kwani haupimi ujazo wala uzito. Ni hesabu ya vitu vilivyoota. Mmoja unaweza kuwa na kilo 10 na mwingine 40, kulingana na aina ya mgomba, rutuba na mvua. Hata chana, ambazo muuzaji wa rejareja huzihesabu moja moja, hupungua ukubwa kadiri zinavyoelekea mwisho wa mkungu. Hapa uaminifu ni kutafsiri “mikungu 60” kuwa mikungu 60. Uzito huongezwa tu iwapo daftari lina shehena ya ndizi za eneo hilohilo na msimu huohuo iliyopimwa. Mafungu ya nyanya na vicha vya mchicha huhesabiwa kwa kanuni hiyo, tena kwa ukali zaidi, maana fungu hupungua bei ikibaki palepale.

Katika kuandika matokeo, kipimo cha asili hutangulia na kilo hufuata, zikiwa na neno “takriban”. Kugeuza hufanywa kwenye jumla, si kwenye kila mstari, ili ukaribishaji wa tarakimu usijilimbikize. Kilo 1,305 huandikwa 1,300, kwa sababu kichuguu cha mahindi hakiruhusu uhakika wa kilo 5. Tanbihi moja mwanzoni mwa tafsiri hueleza debe limechukuliwa kuwa kilo ngapi za zao gani, na ni ukurasa upi wa daftari uliotoa kiwango hicho, ili msomaji akipata mzani bora aweze kuzipiga upya hesabu zote.