Sekunde Moja Zaidi kwa Mchezaji wa Kiti Mwendo

Mwalimu wa michezo akipata mwanafunzi wa kiti mwendo kwenye kipindi cha mpira wa wavu, jicho lake huenda kwanza kwenye wavu. Wa wanawake hufungwa mita 2.24, na msichana aliyeketi hafiki huko. Basi unashushwa, na mwalimu anaona amemaliza. Somo ninalolichambua hapa, la kidato cha pili kwenye uwanja wa saruji, lilianza hivyohivyo. Wavu ulishushwa hadi mita 1.55, chini kidogo ya ncha za vidole vya binti huyo akinyoosha mkono juu. Wakacheza wanne kwa wanne hadi pointi 15, huku mwenzao mmoja akiandika kila mguso kwenye daftari. Kila mchezaji mwingine wa timu yake aligusa mpira zaidi ya mara kumi. Yeye aligusa mara tatu, na zote tatu zilikuwa sevu zake mwenyewe.

Wavu ulikuwa umeshuka, lakini muda ulikuwa uleule. Mchezaji wa kiti hutumia mikono ileile kwa kwenda na kwa kucheza: lazima asukume gurudumu, aliachie, ainue mikono, apige. Mpira uliorushwa mita nne juu hushuka hadi usawa wa uso wa aliyeketi kwa muda usiofika sekunde moja. Anayesimama huhitaji hatua moja tu. Anayesukuma kiti huwa bado ameshika ringi ya gurudumu mpira unapotua.

Mwalimu akaruhusu mpira udunde mara moja kabla ya kuchezwa. Kwenye saruji, mdundo huo unaongeza karibu sekunde moja, nayo inatosha kwa msukumo mmoja au miwili na mikono kurudi juu. Kwenye udongo laini hautasaidia. Kipimo ni rahisi: achia mpira kutoka juu ya kichwa chako, usiporudi hadi kifua cha mtu aliyeketi, hamia uwanja mgumu zaidi. Mchangani kuna tatizo jingine, maana magurudumu madogo ya mbele huzama.

Mdundo ulikuwa wa wote mwanzoni, kisha ukabaki wa binti peke yake, kwa sababu wenye miguu walianza kuzembea. Hapo likajitokeza lililokuwa limejificha: wenzake walimwibia mipira. Hawakuwa na nia mbaya, waliona wanamsaidia. Dawa ilikuwa mstari wa chokaa kuzunguka nafasi yake, mita moja na nusu kila upande wa kiti, na mpira unaoangukia humo ukawa wake. Wapo walimu wanaoamuru kila shambulizi lipitie kwa mwanafunzi wa kiti. Mimi siipendi kanuni hiyo; wapinzani hujua mpira unakwenda wapi, naye anageuka kuwa kituo cha ukaguzi.

Pasi ya chini ilimshinda, kwani magoti yapo njiani na sehemu za kuwekea mikono hubana viwiko. Pasi ya juu kwa vidole aliiweza vizuri, kwa kuwa kiwiliwili chake kina nguvu ya kukaa wima bila kujishika. Asiyekuwa nayo atapiga kwa mkono mmoja, mwingine ukishika kiti. Kwa sevu aligeuza kiti kidogo, bega la mkono wa kupigia likawa nyuma, ili gurudumu lisizuie mkono. Akafunga breki, akapiga kutoka mita nne. Vikanyagio vya miguu vilizungushiwa sponji, maana ndivyo vinavyochuna miundi ya wenzake. Nafasi zilizunguka kama kawaida, ila filimbi ilingoja kiti kisimame.

Mtu atauliza kwa nini wote wasiketi chini. Mpira wa wavu wa kuketi upo, una uwanja wa mita 10 kwa 6 na wavu wa mita 1.05 kwa wanawake, na timu ya wanawake ya Rwanda iliucheza kwenye Paralimpiki ya Rio mwaka 2016. Lakini mchezo huo ni wa kujiburuza kwa makalio. Binti huyu hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Ngozi ingechunika kwenye saruji bila yeye kujua. Kwa mwanafunzi aliyekatwa mguu, ningeanza na huo.

Wavu mfupi nao una gharama. Warefu wanaweza kupiga smashi ya kutoboa, kwa hiyo kuruka karibu na wavu kulikatazwa. Smashi ilipigwa kutoka nyuma ya mstari wa mita tatu, miguu ikiwa chini.

Daftari la mchezo wa mwisho lilionyesha miguso kumi na mmoja isiyo ya sevu, mingi ikiwa pasi za kuwaandalia wenzake. Wapinzani walikwishagundua udhaifu wake: mpira mfupi unaodondoshwa nyuma tu ya wavu, mahali ambapo kiti hakiwezi kuingia bila vikanyagio kunasa. Mwalimu hakuupiga marufuku. Alimsogeza mchezaji wa pembeni hatua mbili ndani, na mpira unaodondokea hapo ukawa wa huyo.