Andalio Lisilo na Nyuzi 45

Jedwali la pembe katika andalio hili la somo lina mistari minne tu: nyuzi 20, 35, 50 na 65. Nyuzi 45 haimo, ingawa walimu wengi huanza nayo kwa kuwa kuichora ni rahisi. Aliyeliandika ni mwalimu wa Sayansi wa shule ya msingi, ambaye nimekuwa nikisoma maandalio yake kwa muda sasa. Ameiacha pembe hiyo makusudi, na sababu yake inaeleza mengi kuhusu namna anavyoiandaa kazi yake.

Katika somo la kuakisiwa kwa mwanga, pembe hupimwa kutoka kwenye mstari wima, yaani mstari unaokutana na mstari wa kioo kwa nyuzi 90. Mtoto ambaye bado hajazoea kipimapembe hupenda kupima kutoka kwenye kioo chenyewe. Kama mwale umeingia kwa nyuzi 35, yeye ataandika 55, huku mwenzake aliyepima vizuri akiandika 35. Mwalimu akipita kati ya madawati na kuona namba mbili zisizopatana ambazo jumla yake ni 90, hahitaji kuuliza kilichotokea. Lakini kwenye nyuzi 45, kupima kutoka kwenye mstari wima au kutoka kwenye kioo kunaleta jibu lilelile. Kosa linapita bila kuonekana, na mtoto anaondoka darasani akiamini kwamba ameelewa.

Kanuni yenyewe ni fupi: pembe ambayo mwale unaingilia kwenye kioo bapa ni sawa na pembe ambayo unatokea. Ingeweza kuandikwa ubaoni kwa dakika moja. Mwalimu huyu ameipa vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80, na karibu kila dakika ameipanga akiwa na swali moja akilini: namba za watoto zisipolingana, nitajuaje ni kwa nini?

Anaanzia kwenye tochi. Tochi nyingi za madukani siku hizi zina taa ndogondogo kadhaa zilizokaa pamoja. Ukiweka mbele yake kadi yenye upenyo mwembamba, kila taa inapitisha mstari wake, na kwenye karatasi unaona kipepeo cha miale inayotawanyika badala ya mwale mmoja. Mtoto atachagua mstari mmoja kabla ya kioo na mstari mwingine baada ya kioo, kisha ashangae kwamba pembe hazifanani. Kwa hiyo andalio linasema kila tochi ifunikwe kwa utepe mweusi wa mafundi umeme hadi ibaki taa moja. Kadi ya manila ikatwe upenyo wa milimita 2, unaoanzia ukingo wa chini ili mwanga uteleze juu ya karatasi, na tochi ikae sentimita 10 hivi nyuma yake. Hata hapo mwale unapanuka kadiri unavyokwenda. Ndiyo maana ameandika kwamba watoto waweke alama katikati ya mwale, wasiweke ukingoni. Ukiufuata mwale kule unakokwenda, ukingo wa kushoto wa mwale unaoingia huwa ukingo wa kulia wa mwale unaotoka, na mtoto anayefuata ukingo wa kushoto pande zote mbili anakuwa amefuata miale miwili tofauti.

Giza nalo amelifikiria, kwa sababu madirisha ya darasa lake hayana mapazia. Kila jozi inapewa katoni iliyolazwa ubavu, upande ulio wazi ukiwaelekea watoto na mgongo wake ukielekea dirishani, na karatasi inawekwa ndani yake. Siku moja kabla ya somo anaijaribu katoni moja mwenyewe, saa ileile ambayo somo litafanyika. Sehemu hii sina la kuiongezea.

Kioo kinasimamishwa kwa kufungwa na mpira kwenye kipande cha mbao kilichokatwa kwa pembe mraba. Ubao usipokuwa mraba, kioo huinama. Kikiinamia nyuma, mwale unaotoka unapanda na kuiacha karatasi, na kikiinamia mbele, unazama kwenye karatasi na kuishia baada ya sentimita chache. Dalili ya hali zote mbili ni mwale uliokuwa wazi unapoingia na unaofifia ghafla unapotoka. Hapa ndipo sehemu ya pili ya kanuni inapojionyesha, ile ambayo vitabu huitaja haraka na kuiacha: mwale unaoingia, mwale unaotoka na mstari wima hulala katika bapa moja. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Kairo katika karne ya 11, aliieleza sehemu hii kwa makini katika Kitab al-Manazir, na aliipima kwa kifaa alichokibuni. Mtoto wa darasa la sita anaipima kwa kuweka vipande vya karatasi chini ya ubao hadi mwale urudi kulala kwenye karatasi.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni maelekezo kuhusu nukta. Vioo tunavyovipata vimepakwa rangi ya fedha upande wa nyuma, na mbele ya rangi hiyo kuna kioo cha unene wa milimita 3 au 4. Mwale unapinda ukiingia kwenye kioo, unarudishwa na rangi ya nyuma, kisha unapinda tena ukitoka. Mwelekeo wake wa mwisho hauathiriki, kwa sababu upindo wa kutoka unafuta upindo wa kuingia. Kinachobadilika ni mahali unapotokea. Kwa kioo cha milimita 4 na mwale wa nyuzi 50, mwale hutokea karibu milimita 5 pembeni ya pale ulipoingilia.

Fikiria mtoto aliyechora mstari wa kioo kwenye uso wa mbele na kuelekeza mwale kwenye alama O. Anaweka nukta moja tu kwenye mwale unaotoka, sentimita 4 kutoka O, halafu anaiunganisha na O kwa rula. Mstari wake utakuwa na nyuzi 54, wakati mwanga wenyewe ulitoka kwa nyuzi 50. Akiiweka nukta sentimita 8 kutoka O, atapata 52. Ushauri wa kawaida ni kuupanga mgongo wa kioo juu ya mstari. Husaidia kidogo pembe zikiwa ndogo, ila kwenye nyuzi 50 kosa linabaki vilevile na kugeukia upande wa pili. Mwalimu huyu amechagua dawa isiyotegemea unene wa kioo: nukta mbili kwenye kila mwale, moja karibu na kioo na nyingine mbali kadiri karatasi inavyoruhusu, kisha mstari upite kwenye nukta hizo mbili uende hadi ukutane na mstari wa kioo popote utakapokutana nao. Pembe inapimwa hapohapo, kwa kusogeza kipimapembe. Wino mwekundu umepigwa chini ya maneno haya: usilazimishe mistari ikutane kwenye O.

Kazi ya wawili wawili nayo ina sababu zake. Mmoja anashika tochi na mwingine anaweka nukta, kisha wanabadilishana kila pembe inapobadilika. Wakati wa kupima, kila mmoja anapima pembe zote mbili kwa kipimapembe chake na kuandika kwenye karatasi yake iliyokunjwa. Hakuna kuonyeshana hadi wote wamalize. Watoto wengi wameshasikia kutoka kwa kaka au dada kwamba pembe hizo ni sawa, na mtoto anayelijua jibu huliona hata mahali lisipokuwepo. Jedwali lililojaa 20 na 20, 35 na 35, 50 na 50 linamtia mwalimu huyu shaka kuliko lile la 35 na 36. Nukta ya penseli ya upana wa milimita 1, ikiwa sentimita 8 kutoka kwenye kioo, peke yake inaweza kuyumbisha pembe kwa zaidi ya nusu nyuzi. Ongeza upana wa mwale na macho ya mtoto, na tofauti ya nyuzi 2 ni ya kutegemewa. Andalio linaikubali tofauti hiyo kwa maandishi, na kuagiza kwamba tofauti iliyozidi hapo ifuatiliwe bila mtoto kuambiwa afute.

Namna ya kuifuatilia imeelezwa kwa mfano. Jozi inaleta majibu haya, mwanga ukitokea kushoto: 20 na 24, 35 na 39, 50 na 55, 65 na 68. Watoto wote wawili wamepata karibu namba zilezile, kwa hiyo kusoma kipimapembe si tatizo. Tofauti ni kama nyuzi 4 kila mara, na daima mwale unaotoka ndio wenye pembe kubwa. Mwalimu hasemi kitu zaidi ya kuwaomba warudie pembe mbili, mwanga ukitokea kulia. Wanapata 35 na 31, kisha 50 na 46. Tofauti imegeuka, na hapo sababu inajulikana: kioo hakikukaa sawasawa juu ya mstari wake. Kimezunguka nyuzi 2, na kila nyuzi moja ambayo kioo kinazunguka huleta tofauti ya nyuzi mbili kati ya pembe hizo. Kama tofauti ingebaki vilevile pande zote mbili, mwale unaotoka ukizidi kushoto na ukizidi kulia, mwalimu angewauliza kuhusu nukta, maana huo ndio mwenendo wa unene wa kioo na mstari uliolazimishwa kupita O. Swali moja, kugeuza upande wa tochi, linatenganisha makosa mawili ambayo kwenye jedwali la upande mmoja yanafanana kabisa.

Nimeyaona maandalio mengi ambayo safu ya kazi za mwanafunzi inasema "kupima pembe" na kuishia hapo. Kuijaza safu hiyo kama alivyoijaza yeye kunahitaji mtu aliyekaa mbele ya katoni na tochi jioni, akakosea kila kosa kwa makusudi na kuandika linaonekanaje.

Dakika 10 za mwisho amezitengea pembe moja ambayo haimo kwenye jedwali, nayo ni sifuri. Kila jozi inaelekeza mwale moja kwa moja juu ya mstari wima na kueleza kwa maandishi mwale unaotoka umekwenda wapi. Wengine huandika kwamba haupo. Pembeni ya hatua hiyo ameacha maelekezo kwa mwalimu atakayelitumia andalio hili baada yake: usiwajibu, waambie wakizungushe kioo kidogo sana, waangalie ukingo wa upenyo kwenye kadi.