Kusoma Nyufa za Keki ya Roli

Ukipewa keki ya roli useme kama ni nzuri, usikimbilie jamu. Anza na mgongo wake. Upapase kutoka ncha hadi ncha: ngozi iwe nyororo, ya rangi ya dhahabu hafifu, na ishikamane na keki bila kubanduka. Kama ina nyufa, tazama zilipo, maana mahali pa ufa ndipo panapokuambia mpishi alikosea wapi.

Mwezi wa saba nilikuwa Mikindani kwa mama mmoja anayeoka keki za shughuli. Mezani palikuwa na roli tatu za vipimo vilevile: mayai 3, sukari gramu 75 na unga wa ngano gramu 75, bila siagi wala mafuta, kwenye trei ya sentimita 23 kwa 33. Mbili walizioka binti zake, ya tatu aliioka mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa na nyufa nyingi sambamba, zikifuata urefu wa roli mgongo mzima. Hiyo ilikaa motoni kupita kiasi. Kwa nyuzi 200, keki nyembamba hivi huiva kwa dakika 8 hadi 10, na hii iliachwa 14. Kwa kuwa haina mafuta, ulaini wake wote unategemea maji yaliyobaki ndani. Dakika chache za ziada huyamaliza. Bonyeza katikati kwa kidole: ikiinuka yenyewe na kingo zimeanza tu kuachia karatasi, itoe. Ukingoja iwe kahawia kama keki ya kawaida umechelewa.

Ya pili ilikuwa safi mgongoni, lakini ilipokatwa, kiini chake kilikuwa kimevunjika pale kwenye mkunjo wa kwanza. Huo ndio mkunjo mkali kuliko yote, na binti alikuwa ameuanza kwenye ukingo mkavu. Dawa yake ni kisu. Kata kingo zote nne, upana wa kidole hivi, kisha pitisha kisu sentimita 2 kutoka upande unaoanzia kukunja, kizame nusu ya unene tu. Keki hukunjika hapo kwa hiari yake.

Ya tatu niliiona ikikunjwa. Mama alitandaza taulo la jikoni lenye unyevu, juu yake karatasi iliyonyunyizwa sukari, akapindua trei papo hapo ilipotoka ovenini. Akabandua karatasi ya chini, akapunguza kingo, akapaka jamu ya nanasi aliyoipasha kidogo ili isiburute keki. Nilipomuuliza kwa nini haachi ipoe kwanza, akanijibu huku mikono ikiendelea: “Ikipoa, mwanangu, ishakubali kulala. Ukiiamsha itakatika.”

Ndivyo ilivyo. Ikiwa na joto, wanga wa unga bado ni laini na mvuke bado uko ndani. Ikipoa, wanga hukaza na uso hukauka. Msimu wa kusi upepo mkavu ukipita dirishani huharakisha jambo hilo, ndiyo maana mama alifunga dirisha kabla ya kufungua oveni. Aliivuta karatasi mbele, ikaikunja keki yenyewe, akailaza mshono ukiwa chini. Kwa krimu mambo ni mengine, kwani joto litaiyeyusha: kunja keki tupu pamoja na karatasi, iache ipoe ikiwa imekunjwa, kisha ifungue taratibu, paka na ukunje tena.

Sasa tazama kipande. Mzunguko uwe na unene mmoja tangu kiini hadi nje. Ukiona utepe mzito wa manjano upande wa chini, unaonata kama ugali mbichi, kosa lilitokea kabla ya oveni: povu lilikuwa dogo, au unga ulikorogwa kwa nguvu likafa. Mayai na sukari hupigwa mpaka mchirizi unaodondoka kutoka kwenye mchapo ukae juu ya povu kwa sekunde kadhaa bila kuzama. Unga huchekechwa juu yake na kuchanganywa kwa mwiko, ukizamisha na kufunua. Na wanaotumia mayai ya kienyeji wahesabu upya, kwa sababu ni madogo. Manne ndiyo hukaribia matatu ya kisasa, na yakipungua, keki huwa kavu na hupasuka hata ukiikunja ya moto.

Korosho nazo, ambazo huku Mtwara hazikosekani, zisagwe laini kabla ya kuchanganywa kwenye krimu. Kipande kigumu hutoboa keki kutoka ndani, na ufa wake utautambua: ni mfupi, umekaa peke yake, na ukiubonyeza unagusa korosho.