PON imetulia, WAN giza

Umeme ukirudi na intaneti ikagoma, wengi huchomoa kila kitu na kukichomeka tena kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi intaneti hurudi. Isiporudi, mtu hana alichojifunza, kwa sababu vifaa vimeamka pamoja na haijulikani kipi kimekwama. Ndiyo maana naona kuwasha kimoja baada ya kingine ni kipimo kwanza, tiba baadaye. Chukua nyumba yenye modemu ya faiba na ruta, katikati yake kebo ya shaba. Zima vyote viwili, kisha washa modemu peke yake na uipe dakika chache. Taa ya PON humemeta modemu inapojisajili kwenye mtambo wa kampuni, halafu hutulia. LOS nyekundu ikiwaka, mwanga haufiki: faiba imekatika au kukunjwa mno, au mtambo wa kampuni wenyewe hauna umeme. PON ikiendelea kumemeta, mwanga unafika ila usajili haukamiliki. Katika hali zote hizo ruta haina kosa, na kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani ni kujiongezea kazi, maana hufuta hata jina na nywila za kampuni.

Atasema mtu kwamba ruta za leo huomba anwani tena na tena, kwa hiyo mpangilio wa kuwasha hauna maana. Kwa kiasi fulani ni kweli, na ruta nyingi hujinyanyua zenyewe. Lakini tuseme PON imetulia, ruta imewashwa, na taa ya WAN haiwaki kabisa. Hapo suala la anwani halijafika, kwani vifaa havijagusana hata kwa umeme wa kebo. Badilisha kebo kwanza. Giza likibaki, chomeka kompyuta ya mkononi moja kwa moja kwenye modemu, kisha kwenye WAN ya ruta. Taa ikiwaka upande wa modemu na kubaki giza upande wa ruta, mlango wa WAN umeungua.

Pingamizi zito zaidi ni hili: faiba ni kioo na haipitishi umeme, mlango utaunguaje? Umeme haukupita huko. Volteji iliyopanda ghafla huingia kupitia adapta ya kifaa kimoja, na kebo ya shaba huivusha hadi cha pili. Wala Wi-Fi kuendelea kuonekana si ushahidi wa uzima, kwani mlango mmoja unaweza kufa huku mingine na redio vikiendelea kufanya kazi.

Baadhi ya ruta huruhusu mlango mmoja wa LAN kugeuzwa kuwa WAN kwenye mipangilio, na hapo huhitaji kununua nyingine. Mlango uliokufa ukiwa wa modemu, kuhamishia kebo kwenye wa pembeni kunaweza kusisaidie hata kama taa itawaka, kwani kampuni huweza kuwa imefungulia huduma mlango mmoja tu. Hapo mafundi wao ndio wenye ufunguo.